Mwongozo kamili: kuweka picha za nguo kwenye mandhari moja ya katalogi bila kupoteza kivuli cha sakafuni

Wauzaji wa nguo wanaotengeneza katalogi zao wenyewe hukwama mahali pamoja. Nguo imekatwa vizuri, imewekwa juu ya mandhari safi, rangi zinapendeza, lakini mdoli uliovalishwa unaonekana kama unaelea. Ukiziweka picha kumi pamoja, kila mdoli unaelea kwa namna yake: mmoja uko juu, mwingine chini, kivuli cha huyu kinaenda kulia na cha yule kimemzunguka kama moshi.

Chanzo ni utaratibu wenyewe. Programu nyingi za kuondoa mandhari huondoa na kivuli pia, kwa kuwa kwao kivuli ni sehemu ya mandhari. Mtumiaji anapoona pengo, hubofya kitufe cha kuongeza kivuli, na programu humpa nakala nyeusi ya umbo la nguo iliyosogezwa kidogo pembeni na kutiwa ukungu. Hicho ni kivuli cha karatasi iliyobandikwa ukutani, wala si cha kitu kilichosimama sakafuni.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine: kivuli cha kweli, ambacho tayari kimo ndani ya picha uliyopiga, kinatenganishwa na sakafu yake ya zamani na kuhamishiwa kwenye mandhari mpya. Tutatumia programu ya GIMP, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Mfano wetu ni gauni refu la kitenge chekundu lililovalishwa mdoli wenye kitako cha duara na urefu wa sentimita 175 kutoka sakafuni hadi juu. Nguo zilizotundikwa kwenye hanga hazihusiki hapa. Hazigusi sakafu, na kuzipa kivuli cha sakafuni ni kumwonyesha mteja jambo lisilowezekana.

## Vifaa vinavyohitajika

- Mdoli mmoja utakaotumika kwa katalogi nzima. Ukibadilisha mdoli katikati ya kazi, urefu hubadilika na hesabu zote za hapa chini huvurugika.
- Simu au kamera inayoweza kufungiwa mwangaza na rangi, pamoja na stendi imara. Kwenye Android, programu ya bure ya Open Camera ina kufuli za mwangaza na za rangi.
- Fleksi nyeupe isiyochapishwa, ile inayotumiwa na wachapaji wa mabango, yenye upana wa mita 2 au zaidi na urefu wa mita 4 au 5. Chagua isiyong'aa. Shuka halifai, kwa sababu kila kunyanzi lake lina kivuli chake na utashindwa kukitofautisha na kivuli cha nguo.
- Dirisha kubwa lenye pazia jepesi jeupe, na ubao mweupe wa kurudishia mwanga. Stairofomu au manila mbili zilizogundishwa zinatosha.
- Utepe wa karatasi wenye gundi wa kuwekea alama sakafuni, futi ya kupimia, na kompyuta yenye GIMP.

## Hatua ya 1: Amua vipimo vya katalogi kabla ya kupiga picha

Kazi ya kufananisha picha huanza kwenye namba, na namba zikishaandikwa hazibadiliki hadi katalogi iishe. Kwa mfano wetu nimechagua karatasi ya picha yenye pikseli 2000 kwa upana na 2500 kwa urefu. Mstari wa sakafu, yaani mahali ukingo wa mbele wa kitako cha mdoli unapokanyaga, uko pikseli 2250 kutoka juu. Kila sentimita ya mdoli itachukua pikseli 11, hivyo mdoli wa sentimita 175 utakuwa na pikseli 1925 na kichwa chake kitafika karibu na pikseli 325 kutoka juu. Kutokana na kipimo hicho, blauzi fupi itaonekana fupi na gauni refu litaonekana refu, na mteja ataweza kuzilinganisha kwa macho. Anayekuza kila nguo hadi ijaze picha anaiondoa taarifa hiyo.

Rangi ya mandhari tutakayotumia ni `#efede8`, nyeupe iliyopoa kidogo kuelekea rangi ya mchanga. Nyeupe kamili, `#ffffff`, inahitajika kwenye baadhi ya masoko ya mtandaoni; Amazon, kwa mfano, inaitaka kwa picha kuu ya bidhaa. Pale unapokuwa huru kuchagua, iepuke, kwa kuwa kanzu nyeupe na blauzi za krimu hupoteza kingo zake juu ya nyeupe kamili.

## Hatua ya 2: Tandaza sakafu na upange mwanga

Ning'iniza fleksi ukutani kwa urefu wa mita 2 hivi, kisha iache ishuke kwa mkunjo laini hadi sakafuni na iendelee mbele. Usiikunje kwa pembe, kwani mstari wa pembe utaonekana kwenye kila picha. Mdoli usimame angalau mita moja na nusu mbele ya ukuta, ili kivuli chake kilale sakafuni na kuishia hapo. Kivuli kinachopanda ukutani hakina mahali pa kwenda ndani ya mandhari isiyo na ukuta, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kukiokoa.

Dirisha liwe upande wa kushoto wa mdoli ukiutazama kutoka kwenye kamera, likitangulia mbele kidogo, na pazia jepesi liwe limefungwa. Kwa mpangilio huo kivuli kitalala upande wa kulia na kurudi nyuma kidogo, kikiwa kizito chini ya kitako na kikififia kadiri kinavyokwenda. Ubao mweupe ukae upande wa kulia, mita moja kutoka kwenye mdoli, nje ya picha. Ukiusogeza karibu, kivuli kinapungua. Ukiuondoa, kinakuwa kizito mno kwa katalogi.

Miongozo mingi iliyoandikiwa Ulaya inashauri dirisha linalotazama kaskazini kwa sababu halipati jua la moja kwa moja. Ushauri huo usiufuate ukiwa Dar es Salaam: kati ya mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wa jiji, na dirisha hilo ndilo litakaloangaziwa. Kwa miezi hiyo chagua dirisha la kusini. Kwa miezi mingine, la kaskazini. Jua likipenya moja kwa moja, kivuli kinakuwa na ukingo mkali kama wa kisu na kinahama wakati unaendelea kupiga.

Dalili ya mafanikio: ukitazama kwa macho tu, unaona vivuli viwili vilivyoungana. Cha kwanza ni chembamba na cheusi, kimejibana pale kitako kinapogusa fleksi. Cha pili ni kipana, chepesi, hakina ukingo unaoweza kuuchora. Nitaviita kivuli cha mguso na kivuli cha kulala. Cha mguso ndicho kinachoyaambia macho kwamba kitu kimekanyaga chini, na ndicho kinachokosekana kwenye picha nyingi zinazoelea.

## Hatua ya 3: Funga kamera, piga picha tupu, kisha piga nguo

Weka kamera mita 3.5 kutoka kwenye mdoli ukitumia lenzi ya kukuza mara mbili, au mita 2.5 ukitumia lenzi kuu ikiwa simu haina hiyo ya kukuza au chumba ni kifupi. Usichanganye lenzi hizo mbili ndani ya katalogi moja, kwa sababu sakafu itaonekana kwa mlalo tofauti. Lenzi iwe mita 1 kutoka sakafuni, simu ikiwa wima, isiyoinama mbele wala nyuma. Weka utepe wa karatasi kwenye miguu ya stendi na alama ndogo mbili chini ya ukingo wa kitako, mahali ambapo kitako kitazifunika.

Funga mwangaza na rangi. Kwenye iPhone, gusa na ushikilie kioo hadi maandishi ya `AE/AF Lock` yatokee; hilo ni kufuli la mwangaza na fokasi, hivyo kwa rangi tumia programu ya kamera yenye kufuli lake. Zima HDR panapowezekana, kwani HDR hurekebisha kila eneo la picha kwa kiasi chake na hutaweza kulinganisha picha mbili. Sakafu nyeupe kwenye picha iwe na thamani ya kati ya 215 na 235 katika kipimo cha 0 hadi 255. Ikifika 255 imeungua, na sehemu nyepesi za kivuli zimepotea pamoja nayo.

Sasa ondoa mdoli na upige picha ya fleksi ikiwa tupu. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo msingi wa kazi yote. Picha tupu ni kumbukumbu ya jinsi mwanga ulivyosambaa sakafuni kabla nguo haijauzuia: upande wa dirisha unang'aa, upande wa pili umefifia, pembe zimeingia giza. Bila kumbukumbu hiyo, programu haiwezi kujua ni giza lipi limetokana na nguo na lipi ni la chumba.

Rudisha mdoli kwenye alama, rekebisha mikunjo ya gauni, piga. Tumia kipima muda cha sekunde 3 au rimoti, kwani kidole kikigusa simu huitikisa na picha mbili hazitalaliana sawasawa. Rudia picha tupu kila baada ya nguo nne au tano, na mara moja wingu linapopita mbele ya jua.

Onyo kwa nguo nyeusi: pindo la baibui refu na kivuli chake cha mguso huungana na kuwa doa moja jeusi. Weka kipande cha stairofomu sakafuni mbele ya mdoli, nje kidogo ya picha, ili kiangaze pindo kutoka chini. Picha tupu ya nguo hiyo nayo ipigwe kipande hicho kikiwapo.

## Hatua ya 4: Tenganisha kivuli na sakafu ya zamani

Fungua picha ya gauni kwenye GIMP. Programu ikikuuliza kuhusu wasifu wa rangi, chagua `Convert`. Simu za iPhone huhifadhi picha kwa wasifu mpana kuliko wa kawaida, na usipobadilisha, rangi ya mandhari yako haitafanana baina ya picha na picha.

Chagua `File > Open as Layers` na ulete picha tupu. Itakaa juu ya picha ya gauni. Kwenye orodha ya leya, yaani tabaka za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine, badilisha `Mode` ya picha tupu iwe `Divide`.

Kinachotokea ni hesabu ya kugawanya. Kila pikseli ya picha ya gauni inagawanywa kwa pikseli ya mahali hapohapo kwenye picha tupu. Pale ambapo hakuna kilichobadilika, namba inagawanywa kwa namba iliyo sawa nayo na jibu ni moja kamili, yaani nyeupe. Pale ambapo kivuli kimepunguza mwanga hadi nusu, jibu ni nusu. Kwa hiyo ukuta, mkunjo wa fleksi na pembe zenye giza vyote vinafutika, na kinachobaki ni kiasi cha mwanga ambao mdoli na nguo vimeuzuia. Gauni lenyewe litageuka rangi za ajabu. Lipuuze kwa sasa.

Chagua `Layer > New from Visible`, uipe leya mpya jina `kivuli`, kisha futa leya ya picha tupu. Picha ya gauni ya awali ipe jina `nguo` na uipandishe juu kabisa.

Dalili ya mafanikio: ukiificha leya ya `nguo`, unaona uwanja mweupe, umbo la gauni na kivuli laini kinachoelekea kulia.

Makosa ya hatua hii yanajitambulisha yenyewe. Uwanja wote ukiwa wa kijivu kilicho sawasawa, mwanga ulipungua kati ya picha mbili. Fungua `Colors > Levels`, chagua kidonoa cha nyeupe, na ubofye sakafuni mbali na kivuli. Ukiona mistari myembamba ya giza na mwanga kando ya fleksi, kamera ilisogea, na hapo ni bora kupiga upya kuliko kurekebisha. Ukiona mabaka yasiyo na mpangilio, kama mawingu, HDR ilikuwa inafanya kazi.

## Hatua ya 5: Safisha kivuli

Ukiwa kwenye leya ya `kivuli`, fungua `Colors > Levels` na usogeze alama ya nyeupe kutoka 255 hadi 245 hivi. Chembechembe za kamera zilizobaki kwenye uwanja mweupe zitageuka nyeupe kamili, ilhali kivuli hakitaguswa sana. Usishuke chini ya 235, kwa sababu utaanza kula mkia wa kivuli cha kulala na kitaishia ghafla.

Linalofuata ni jambo ambalo kitenge chekundu hulionyesha kuliko nguo nyingine. Mwanga unaogonga gauni hurudi sakafuni ukiwa mwekundu, hivyo kivuli kilicho karibu na pindo kina wekundu. Sakafuni dukani ni jambo la kawaida, lakini kwenye katalogi, gauni la buluu litakuwa na kivuli cha buluu na la kijani na kivuli cha kijani, na mandhari yako moja itaonekana kama mandhari tatu. Fungua `Colors > Saturation` na upunguze kipimo kutoka 1 hadi 0.3. Kuondoa rangi yote inawezekana, ila mimi hupendelea kubakiza kidogo. Kivuli cha kijivu kitupu chini ya nguo yenye rangi kali huonekana kimeazimwa mahali pengine.

## Hatua ya 6: Kata nguo kwa maski

Chagua leya ya `nguo`, kisha chukua zana ya `Paths` kwa kubofya `B`. Weka nukta kuzunguka nguo na mdoli pamoja na kitako, ukiuvuta kila mstari ufuate mkunjo. Nukta chache zilizowekwa vizuri hutoa ukingo laini kuliko nyingi zilizorundikana. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli moja au mbili, kamwe usipite nje. Ukimaliza, bofya `Selection from Path`, kisha `Select > Feather` kwa pikseli 1.5, kisha `Layer > Mask > Add Layer Mask` na uchague `Selection`. Mwisho ondoa uteuzi kwa kuchagua `None` kwenye menyu ya `Select`, la sivyo hatua zinazofuata zitagusa eneo la nguo pekee.

Tumia maski, yaani pazia linaloficha sehemu ya leya bila kuifuta, na usitumie kifutio. Kilichofichwa kwa maski kinaweza kurudishwa kwa brashi nyeupe, kilichofutwa kimekwenda.

Faida moja ya njia hii ni kwamba ukataji hauhitaji kuwa mkamilifu pindoni. Leya ya `kivuli` iliyo chini nayo imebeba umbo la gauni, kwa hiyo uzi unaoning'inia au lesi ya pindo iliyoachwa nje ya maski bado itaonekana kama mstari mweusi mwembamba juu ya mandhari mpya, mahali pake halisi. Kwa nguo nyeupe hilo halitokei, na hapo ukate kwa uangalifu zaidi. Kwa ushungi wa shifoni au mikono yenye kitambaa kinachopenya mwanga, paka eneo hilo kwenye maski kwa kijivu badala ya nyeupe, ili mandhari mpya ionekane kupitia kitambaa. La sivyo, ndani ya mkono utabaki na sakafu ya zamani.

## Hatua ya 7: Ingiza kwenye vipimo vya katalogi

Kwa kuwa kamera haikusogea, namba za hatua hii ukizipata mara moja zinatumika kwa nguo zote za kikao hicho. Usikuze wala kupunguza kwa kukisia, picha moja baada ya nyingine.

Pima urefu wa mdoli kwenye picha ya kwanza kwa zana ya `Measure`. Tuseme picha ina pikseli 3000 kwa 4000 na mdoli una pikseli 3008. Tunataka 1925, kwa hiyo uwiano ni 1925 ÷ 3008, yaani 0.64. Fungua `Image > Scale Image` na uandike upana wa 1920. Urefu utakuwa 2560 wenyewe.

Sasa pima ukingo wa mbele wa kitako uko pikseli ngapi kutoka juu. Tuseme ni 2380. Unatakiwa uwe 2250, hivyo picha nzima ipande pikseli 130. Fungua `Image > Canvas Size`, tenganisha kifungo cha mnyororo, andika 2000 kwa 2500, weka `Offset X` iwe 40 na `Offset Y` iwe -130, kisha uthibitishe. Hizo 40 zinaiweka picha katikati: 2000 kutoa 1920 ni 80, nusu yake kila upande.

Tengeneza leya mpya iliyojazwa rangi `efede8`, uishushe chini kabisa, kisha ubadilishe `Mode` ya leya ya `kivuli` iwe `Multiply`. Sasa hesabu inageuzwa: kile kilichogawanywa kinazidishwa. Nyeupe haibadilishi chochote kwenye mandhari, na mahali palipozuiwa nusu ya mwanga, mandhari mpya inapoteza nusu ya mwanga wake. Sakafu imebadilika, kivuli ni kilekile.

Dalili ya mafanikio: hakuna ukingo wa picha ya zamani unaoonekana popote. Kingo hizo hujificha kwa macho lakini hujitokeza kwenye kioo cha simu chenye mwangaza mkali. Zitafute kwa kuongeza leya ya muda ya `Levels` kichwani, kwa maana ya kunakili picha yote kwa `New from Visible` na kusogeza alama ya nyeusi hadi 200. Mstari wowote uliobaki utajitokeza mara moja. Upake kwa brashi laini nyeupe kwenye leya ya `kivuli`, kisha ufute ile nakala ya muda.

## Hatua ya 8: Linganisha uzito wa vivuli

Wingu na saa hubadilisha uzito wa kivuli hata kama mwelekeo haujabadilika. Chukua zana ya `Color Picker` na usome thamani mbili kwenye kila picha: moja katika kivuli cha mguso, pembeni kabisa mwa kitako upande wa kulia, na nyingine katikati ya kivuli cha kulala. Kwa mandhari yenye thamani ya takriban 237, mimi hukubali kivuli cha mguso chenye 90 hadi 120, na cha kulala chenye 195 hadi 215.

Kikiwa kizito zaidi, punguza `Opacity` ya leya ya `kivuli`. Lakini angalia: kupunguza leya yote kunapunguza na kivuli cha mguso, na mdoli unaweza kuanza kuelea tena. Ikiwa cha kulala ni kizito ilhali cha mguso kiko sawa, fungua `Colors > Curves` na uinue sehemu ya juu ya mstari pekee, ukiiacha ya chini ilivyo.

Kisha zipange picha zote kwa safu, zikiwa ndogo kama zitakavyoonekana kwenye simu ya mteja. Tofauti ambazo hazikuonekana kwenye picha moja kubwa huonekana hapo: kitako kilichopanda kidogo, kivuli kilichozidi, gauni lililogeuka manjano kwa sababu kufuli la rangi liliachia.

Hifadhi faili la kazi kama `.xcf`, halafu utoe nakala ya JPEG kupitia `File > Export As` kwa ubora wa 90. Chini ya 80, kivuli laini huanza kugawanyika katika mikanda inayoonekana.

## Picha za zamani zisizo na kivuli

Wapo wenye picha zilizokwisha kukatwa, na nguo zenyewe zimeshauzwa. Hapo hakuna kivuli cha kuhamisha na inabidi kukichora, ukifuata mwelekeo uleule wa mwanga ulio kwenye mikunjo ya nguo. Ikiwa mikunjo imeangazwa kutoka kulia, usilazimishe kivuli kwenda kulia ili kifanane na katalogi. Igeuze picha yote kushoto kwenda kulia, mradi nguo haina maandishi, na vifungo au mfuko wake hautampotosha mteja.

Anza na kivuli cha mguso. Tengeneza leya mpya chini ya nguo, chora duara bapa lililo pana kidogo kuliko kitako, lijaze rangi `3a342e`, weka `Mode` iwe `Multiply`, na utie `Gaussian Blur` ya pikseli 8. Usitumie nyeusi kamili. Sakafu halisi hupata mwanga kidogo kutoka kila upande hata chini ya kitu.

Kwa kivuli cha kulala, nakili umbo la nguo, lijaze rangi hiyohiyo, na kwa zana ya `Perspective` lilaze upande wa kulia hadi urefu wake uwe kama robo ya mdoli. Litie ukungu wa pikseli 12. Nakili leya hiyo, nakala itiwe ukungu wa pikseli 40, kisha kwa maski ya mteremko, yaani inayobadilika polepole kutoka nyeupe hadi nyeusi, uifanye leya ya kwanza ionekane karibu na kitako tu na ya pili ionekane mbali. Kivuli cha dirisha huwa na ukingo ulio wazi kinapoanzia na hulegea kadiri kinavyoachana na kitu kilichokitoa, na ukungu wa kiasi kimoja kwa urefu wote ndio unaofanya vivuli vingi vya kuchora vijulikane haraka. Shusha `Opacity` hadi thamani zifikie zile za hatua ya 8.

Kivuli cha kuchora hakitajua kwamba pindo la gauni limejikunja upande mmoja, wala kwamba mkono wa kushoto uko mbele ya mwili. Kwa hiyo kikae kwenye picha ndogo za orodha, na kwa picha kubwa ambayo mteja ataivuta kwa vidole viwili, tumia nguo unayoweza kuipiga upya.